Kichwa cha Kiingereza juu ya video ya Kiswahili

"Nikiongeza kichwa cha Kiingereza kwenye video yangu ya mahamri, walio ughaibuni wataipata bila kuipakia mara mbili?"

— Eeh, YouTube huangalia nchi aliko mtu.

— Si nchi, ndugu, ni lugha aliyoweka kwenye YouTube. Aliye Leeds akiwa ameweka Kiswahili ataona cha Kiswahili. Wa Kayole aliyeweka Kiingereza, kama wengi wetu, ataona hicho kipya na huenda akadhani ni video ya wazungu. Kwa hiyo neno lenyewe libaki mbele: "Mahamri: Soft Coconut Doughnuts". Kwenye Studio, weka kwanza lugha ya video iwe Kiswahili, kisha Languages, iliyokuwa ikiitwa Subtitles, ongeza Kiingereza. Maelezo nayo yatafsiri.

— Yangu ya kwaya je, nyimbo zikiwa za Kikamba?