Kalenda ya ukutani na kadi ya mfukoni: ninavyokumbuka mambo bila simu

"Wakuu, macho yananiuma na usingizi hauji. Nimeamua simu isiwe kitu cha kunikumbusha mambo. Nimenunua kalenda ya ukutani, lakini wiki ya pili tu nimeshasahau miadi miwili, na zote zilikuwa zimeandikwa palepale. Nakosea wapi?"

Mkuu, mimi ni fundi cherehani hapa Sinza, na mwaka wa tatu sasa naendesha kazi kwa karatasi. Kosa lako nalijua kwa sababu lilinigharimu. Ulichoandika kwenye kalenda ni siku ya tukio. Siku hiyo ikifika huwa umeshachelewa. Halafu kuna jambo la pili: kalenda ikikaa ukutani wiki moja tu, jicho linaizoea kama rangi ya ukuta. Unapita mbele yake mara kumi na husomi kitu.

Nikupe kisa chenyewe. Mama mmoja aliniletea kazi ya sare sita za sendoff, shughuli iwe Jumamosi. Nikaandika "Sare 6" kwenye Jumamosi ile, nikatulia. Jumatano ndiyo nakuta bitana haipo na zipu za rangi ile sina. Nilishona siku mbili bila kulala, na gauni moja likatoka na mgongo uliopinda. Hela ya gauni hilo nilirudisha.

Tangu hapo nikipokea kazi nahesabu kurudi nyuma kabla mteja hajatoka mlangoni. Mwaka 2025 nilipata kazi inayofanana na ile, shughuli Jumamosi tarehe 20 Septemba. Nikaanza kuandika kutoka mwisho: Ijumaa tarehe 19 wanachukua. Jumatano tarehe 17 wanakuja kujaribu, ili Alhamisi ibaki ya kurekebisha. Ijumaa tarehe 12 naanza kukata. Jumatano tarehe 10, Kariakoo. Tukio moja likachukua visanduku vinne, na kile muhimu kuliko vyote kilikuwa cha Kariakoo, siyo cha shughuli. Kodi nayo naifanyia hivyohivyo. Awamu ya tatu ya makadirio mwisho wake ni tarehe 30 Septemba, lakini kwenye kalenda yangu imeandikwa tarehe 22, "hesabu za TRA", na tarehe 30 ina duara jekundu tu.

Andika kwa penseli. Wateja hubadilisha siku, na sikukuu kama Idi na Maulidi zinategemea mwezi kuandama, kwa hiyo ile tarehe iliyochapishwa inaweza kusogea siku moja.

Sasa kadi. Kalenda siisomi mchana kabisa. Naisoma usiku, kabla ya kulala, dakika tano, nikiandika kadi ya kesho. Kadi ni manila ya ukubwa wa A4 iliyokatwa vipande vinne, kwa hiyo karatasi mbili zinatosha wiki na kinabaki kipande kimoja. Inaingia mfukoni bila kukunjwa. Usitumie kalamu ya wino wa majimaji, jasho la Dar litakuachia doa la bluu. Kalamu ya kawaida ya bolpeni inavumilia.

Mbele naandika tarehe, halafu mambo yenye saa yake, halafu yasiyo na saa, na hayo yasizidi matatu. Kadi ya ile Jumatano ya tarehe 10 ilisomeka hivi: "Kariakoo kabla ya saa nne: bitana mita 12, zipu 6. Saa nane, mteja wa suruali. Kunoa mkasi. S: LUKU, kumjibu dada." Angalia kwamba kalenda ilisema "Kariakoo" tu. Mita na idadi ya zipu vimeingia kwenye kadi, kwa sababu kadi ndiyo inayokwenda dukani na mimi.

Hiyo S ni simu. Umeme bado naununua kwa simu na pesa bado natuma kwa simu, siwezi kujidanganya. Ila yote ya simu nayaweka mstari mmoja na kuyafanya mara moja, baada ya chakula cha mchana, kisha simu inarudi kwenye droo. Kabla ya hapo nilikuwa nafungua simu kununua umeme nikajikuta nusu saa baadaye naangalia harusi ya watu nisiowajua.

Nyuma ya kadi ni pa kupokelea. Mtu akikusimamisha njiani, "fundi, Jumatatu nakuja kuchukua," andika hapohapo. Usiseme utaandika ukifika nyumbani. Usiku yale ya nyuma yanahamia kwenye kalenda au kwenye kadi ya kesho, na kadi ya leo inaingia kwenye kopo. Usitembee na kadi ya jana. Ukiona una kadi mbili mfukoni, ujue mfumo umeanza kufa. Dalili nyingine ni kadi iliyorudi jioni safi kabisa, haina alama hata moja: maana yake hukuitoa mfukoni.

Jumapili baada ya alasiri namwaga lile kopo mezani. Nusu saa inatosha. Naanza na kadi zenyewe, natafuta ambacho hakikukatwa mstari. Kunoa mkasi, kwa mfano, kulihama kadi tatu. Kanuni yangu ni kwamba jambo likipita kadi tatu halipati kadi ya nne. Ama nalipangia siku na saa kwenye kalenda, ama nalifuta, na kama kuna mtu anasubiri nakwenda kumwambia. Mkasi ulipata Jumatatu saa mbili asubuhi, ukanolewa. Kisha nasoma kalenda wiki mbili mbele, maana ukisoma moja tu, jambo la Jumatatu ya pili linakukuta huna vifaa. Mwisho naandika kadi ya Jumatatu. Ya Jumatatu tu! Niliwahi kuandika za wiki nzima nikajiona mjanja, kufika Jumatano zote zilikuwa za uongo.

Mwisho wa mwezi ndipo wengi huanguka. Tarehe 28 unatazama ukurasa ambao hauonyeshi tarehe 3. Mimi nachukua kipande cha manila, naandika siku kumi za kwanza za mwezi unaokuja, nabandika chini ya kalenda kuanzia tarehe 20.

Kalenda yenyewe chagua yenye visanduku vya kutosha kuandika maneno matatu. Zile za bure zenye picha kubwa na tarehe ndogo kama punje za mchele ni za kupamba. Ukikosa, piga mistari kwenye manila kubwa, safu saba kwa sita. Itundike karibu na swichi ya taa unayozima kabla ya kulala. Yangu ya kwanza niliitundika nyuma ya mlango, na mlango wangu unashinda wazi kwa ajili ya joto.

Kitu kimoja karatasi haikiwezi: haipigi kelele. Dawa ya kunywa kwa saa, au chungu kilichoko jikoni, usiviachie kadi. Mimi nina saa ya mezani ya betri yenye kengele, na ya jioni huwa nafuata adhana ya magharibi ya msikiti wa jirani. Kwenye kadi naandika "dawa, adhana" na inatosha, ila kumbuka adhana husogea dakika kadhaa kadiri mwaka unavyokwenda. Kama daktari amekupa dawa isiyotaka kuchelewa hata kidogo, weka kengele.