Maswali na majibu: Kitenge cha ndege hakitaki sketi ya duara

*Shikamoo Bi Fundi. Nina duka la vitenge na leso hapa Langoni. Nataka video ya sekunde 40 kuonyesha maua na mishono, binti yangu azunguke nayo. Nisemeje?*

Marahaba mwanangu. Kwanza chagua kitambaa kimoja. Nyote mnatupia vitambaa kumi juu ya bega la binti kama mtu anayeanua nguo mvua imekuja, kisha mnashangaa mbona watu wanauliza bei tu.

Pili, hilo la kuzunguka. Sketi ikizunguka, macho yanaona upana wa chini, maua hayaonekani. Na ile inayozunguka vizuri ni ya duara, ambayo si kila kitenge kinaitaka. Nilikata moja ya ndege miaka kadhaa iliyopita, mteja alishaiona kwenye video ya muuzaji akaipenda. Kiuno chake inchi 28. Ukigawa kwa 6.28 unapata tundu la kiuno lenye nusu kipenyo cha inchi 4 na nusu hivi. Ongeza urefu wa sketi, inchi 26, unafika 30 na nusu. Duara zima lingetaka upana wa inchi 61, na kitenge kina 45 au 46, basi nikakata nusu duara mbili nikaziunga ubavuni. Kila nusu ilikula inchi 61 za urefu wa kitambaa, jumla 122, karibu yadi tatu na nusu. Hesabu ilikuwa sawa. Balaa lilikuwa ndege. Walikuwa wamesimama kufuata urefu wa kitambaa, na nusu duara inakigeuza kitambaa kadiri inavyokizunguka kiuno. Kwenye ubavu mmoja ndege wakasimama, mbele ya tumbo wakalala, kwenye ubavu wa pili wakawa vichwa chini. Video ile ilikuwa inazunguka mbio hata hakuna aliyeona.

Kitenge cha maua ya mviringo, hicho duara linakifaa, maana hakina juu wala chini. Cha ndege, feni, kuku au jagi kinataka sketi iliyonyooka au ya marinda. Basi mswada wako wa ndege uwe hivi:

Picha ya 1, sekunde 5. Kitambaa kimetandikwa barazani, mkono wako juu yake. "Hiki ni kitenge cha ndege. Ndege mmoja ni kama kiganja changu."

Picha ya 2, sekunde 5. Ncha inageuzwa. "Upande wa nyuma ni huu." Kama rangi haikupenya, sema haikupenya.

Picha ya 3, sekunde 10. Binti ametupia kitambaa begani, anapiga hatua tatu kuja kwako, kisha anakilaza. "Hivi ndege wamesimama. Hivi wamelala. Mwambie fundi kabla hajashika mkasi."

Picha ya 4, sekunde 12. Amevaa sketi ya marinda. Anatembea, anageuka mara moja taratibu, anasimama kabisa. "Hii ni vipande viwili vya inchi 28. Imekula yadi moja na nusu na ushee."

Picha ya 5, sekunde 8. Masalio mezani na futi ya fundi juu yake. "Pisi ni yadi 6. Zimebaki nne na zaidi, blauzi ipo na ya mtoto ipo."

Ukisema kwa utulivu maneno hayo yanaenea, na nafasi ya kuvuta pumzi inabaki. Usiongeze neno "kipekee". Kule kusimama kabisa katika picha ya 4 msikukate: nguo inapotulia baada ya mwendo ndipo mtazamaji anapoona maua na mwanguko wake kwa pamoja.

*Niweke wimbo gani?*

Huyu ni wa kumi mwezi huu. Wowote, mradi yadi zisikike.

*Nimejirekodi na leso mpya, lakini jina lake linasomeka kinyume. Kiwanda kimekosea?*

Kiwanda hakina kosa, dada. Umetumia kamera ya mbele, nayo simu nyingine huihifadhi picha kama kioo. Kwa leso ni aibu, maana mwanamke wa pwani husoma jina kabla hajatazama mji wala pindo. Tumia kamera ya nyuma, mtu akushikie, na leso ijae kwenye picha ili pindo zote nne zionekane. Halafu ikae sekunde tatu bila kupepea. Ukiipeperusha pale pale kwenye jina, umemuuzia mtu leso isiyosemwa.

Na kama unaonyesha mishono ya leso, mwambie mteja ukweli: jina liko sehemu moja tu, juu kidogo ya pindo la chini. Fundi akikata bila kupanga, gauni linakuja na nusu ya maneno. Mimi hulishusha pindo lile kwenye upindo wa chini wa gauni ili jina lizunguke miguuni zima. Hapo unahitaji leso zote mbili. Moja haimtoshi mtu mzima.

*Leso nyekundu inatoka ya machungwa kwenye video, na kila binti akisogea rangi inabadilika.*

Simu inajirekebisha yenyewe. Nyekundu ikijaa kioo, inadhani mwanga umekuwa mwekundu, inaanza kuupoza. Binti akisogea na ukuta mweupe ukaingia, inarudi. Bonyeza kidole pale kwenye nguo ukishikilie mpaka simu ifunge mwanga, kwenye iPhone utaona `AE/AF Lock`, kisha teremsha mwangaza kidogo, maana nyekundu huungua mapema. Lakini kufuli hilo ni la mwanga na fokasi, si la rangi. Kwa rangi, weka kitambaa cheupe pembeni ndani ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Na piga kivulini, kwenye kichochoro, si forodhani saa sita mchana.

*Nikipunguza kasi ya video ndani ya duka, picha inapepesa.*

Taa ya stima huku kwetu inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, simu inaona. Toka nje, pigia barazani.

*Mteja amerudisha kitambaa, anasema gauni lake halichezi kama la kwenye video. Mimi nilimuuzia kile kile.*

Kile kile, au kile kile kilichofuliwa? Leso mpya ina wanga. Inasimama kama karatasi, na marinda yake yanajaa yenyewe. Ikifuliwa mara moja wanga unatoka, inalegea na kuanguka, na pamba hupungua kidogo. Mteja wako kaona nguo ngumu, kafua, kavaa nyingine. Wapo wanaofanya kinyume: video ni ya kitambaa kilichokwisha kufuliwa mara tano, chepesi, halafu mteja anapokea ubao. Kwenye video yako piga vyote viwili, kipya na kilichofuliwa, kwenye bega moja, hatua zile zile tatu. Unahitaji kufua kipande kimoja tu cha duka. Na gauni la video lilikula yadi ngapi? Kama la binti yako lilikula sita na yeye ulimuuzia tatu, mrudishie pesa zake.