Linki inayofika kwenye kichwa cha Bajeti: "itawatua" au "itawafikisha"?

*Mwalimu, shikamoo. Ofisini kwetu hapa Posta tunaandika ripoti moja pamoja kwenye Google Docs. Niliwaandikia wenzangu kwenye grupu: "Bonyezeni linki hii, itawatua kwenye kichwa cha Bajeti." Wakanicheka siku nzima. Nilikosea wapi? Halafu mmoja anadai imemwacha mwanzo kabisa wa ripoti. — Msomaji, Tabata*

Marahaba. Walichokicheka ni "itawatua". Kitenzi *tua* kina sura mbili. Ndege anatua mtini, eropleni inatua uwanjani, mgeni anatua kwa shangazi yake Temeke. Hapo anayetua anatua mwenyewe na kitenzi hakimhitaji mtu mwingine. Ila mchukuzi wa pale Kariakoo hutua mzigo, yaani huushusha kutoka begani au kichwani. Sasa ukiweka *-wa-* ndani ya kitenzi hicho, ukasema "itawatua", wenzako wanageuka magunia na linki inakuwa mchukuzi. Tena umetaja "kichwa" papo hapo. Kwa kweli hata mimi ningecheka.

Ulilokuwa unalitafuta ni *itawafikisha*. Wengi wangeandika "itawapeleka", na si kosa, lakini maneno hayo mawili hayalingani uzito. Kumpeleka mtu ni kushika naye njia. Kumfikisha ni kumkabidhi mahali penyewe. Konda anaweza kukupeleka Mbagala akakushusha njiani kwa sababu gari limeharibika, na hapo hawezi kusema amekufikisha. Huyo mwenzenu aliyejikuta mwanzo wa ripoti alipelekwa, hakufikishwa.

Kama unataka ripoti yenyewe ndiyo iwe mtenda, lugha ina umbo zuri zaidi: *itawafungukia*. Tazama kazi ya hiyo *-ia*. "Amekimbia uwanjani" maana yake mbio zilikuwa humo humo uwanjani. "Amekimbilia uwanjani" maana yake alitoka kwingine, uwanja ndio aliouendea. Ndivyo ilivyo kwa *funguka* na *fungukia*. Mlango unaofungukia uani, ukiufungua unauona ua mbele yako. Kwa hiyo "ripoti itawafungukia kwenye Bajeti" inasema kwamba mkifungua tu, Bajeti ndiyo mtakayoiona kwanza. Kauli hii ya kutendea hubeba mahali pa kufikia bila maelezo marefu, na nashangaa kwa nini maofisini tunaiacha tukakimbilia "itafunguka moja kwa moja katika sehemu ile ya".

Neno *linki* halina tatizo, mradi ulipatanishe: linki hii, linki hizi. Ukipenda *kiungo*, sema kiungo hiki, viungo hivi. Tahadhari moja tu: usiandike "kiungo cha kichwa". Kiungo ni sehemu ya mwili pia, na anayesoma haraka atafikiria jicho au sikio. (Mashabiki wa mpira wao wana "kiungo wa kati", lakini huyo ni mtu, ndiyo maana anapata *wa*.) Andika "kiungo kinachofika kwenye Bajeti". Wala usijaribu kufupisha kwa kusema "kichwani cha Bajeti": nomino ikishapata *-ni* inaingia kwenye ngeli ya mahali, haiwezi tena kufuatwa na *cha*. Ukitaka kubaki na *cha*, sema "kwenye kichwa cha Bajeti", kama ulivyoandika.

Sasa huyo aliyeachwa mwanzo. Hapa kosa si la sarufi, ingawa neno *kichwa* linahusika. Kwa macho, mstari wowote ulioandikwa kwa herufi nene ni kichwa. Kwa programu, kichwa ni mstari uliopewa mtindo wa kichwa kutoka kwenye orodha ya mitindo juu ya ukurasa: Heading 1, Heading 2 na kuendelea. Mstari wa herufi nene uliobaki kwenye Normal text ni aya ya kawaida tu iliyonenepeshwa. Weka mshale kwenye mstari wa "Bajeti", tazama orodha hiyo inaonyesha jina gani. Kama ni Normal text, chagua Heading 2, au Heading 1 kama ndiyo sura kuu.

Ukishafanya hivyo kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya kichwa hicho, kisha chagua Copy heading link. Unachobandika kwenye grupu kitakuwa na umbo hili (nukta tatu zinasimama mahali pa namba ndefu ya waraka wenu, na herufi za mwisho ni za mfano):

```
https://docs.google.com/document/d/.../edit?tab=t.0#heading=h.k2x9p4wq7m1a
```

Kinachomfikisha mtu ni kile kipande kinachoanza na alama ya reli, `#heading=`. Nakisia wewe ulibonyeza Share, ukachukua Copy link. Hiyo nayo ni linki halali, lakini ni ya waraka mzima. Kwa kawaida mwisho wake huwa hivi:

```
/edit?usp=sharing
```

Haina `#heading`, basi haina habari na Bajeti. Waliosema imewafaa, pengine waliteremka wenyewe wakaitafuta. Kuna njia ya pili ya kupata matokeo hayo hayo: linki ilikuwa nzima, ila aliyeituma kwa mwenzake aliona mkia mrefu akaukata ili ujumbe upendeze.

Njia ya tatu hutokea baadaye, wakati mnahariri. Ule mfuatano wa herufi baada ya `h.` umefungwa kwenye mstari wenyewe, haukutokana na maneno yaliyomo. Mkibadili "Bajeti" kuwa "Bajeti na Matumizi" kwa kuongeza maneno pale pale, linki ya zamani bado inafika. Mtu akifuta mstari mzima na kuandika mwingine chini yake, hata akirudia neno lile lile herufi kwa herufi, hicho ni kichwa kipya chenye alama yake. Linki ya zamani haitalalamika wala kuonyesha kosa. Itafungua ripoti kimya kimya mwanzoni. Kwa hiyo mtu akikwambia "imeniacha juu", angalia kwanza kama `#heading` ipo. Ikiwepo, muulize nani amegusa kichwa hicho, kisha nakili linki upya.

Na akikwambia amekutana na ukurasa wenye Request access, hilo ni jambo jingine kabisa. Linki inaonyesha mahali, haitoi ruhusa ya kuingia. Ruhusa unaiweka kule kule kwenye Share, kwa anwani ya barua pepe ya mtu huyo au kwa kuufungua waraka kwa kila mwenye linki. Ripoti yenye bajeti ya ofisi mimi ningeiwekea majina ya watu.

Ujumbe wako ningeuandika hivi:

"Wapendwa, linki hii itawafikisha kwenye kichwa cha 'Bajeti'. Tafadhali msiikate mkia mnapoituma kwa wengine. Ikiwafungukia mwanzo wa ripoti, niambieni niwatumie mpya."

Alama za kunukuu kwenye 'Bajeti' zina kazi: zinamwambia msomaji kwamba hilo ndilo neno atakaloliona limeandikwa kwenye ukurasa. Kama kwenye ripoti kichwa kinasomeka "Makadirio ya Fedha", basi andika hivyo hivyo hata kama ofisini nyote mnaita bajeti, maana atakayefika pale asipoliona neno ulilomtajia atadhani amepotea.