Wenzako Hawakioni Kidole Chako: Kuonyesha Programu ya Simu Kwenye Mkutano wa Video

Kazi yangu ni kuwafundisha wadadisi kutumia KoboCollect, programu ya kujazia madodoso kwenye simu, kabla hawajaingia vijijini. Siku hizi sehemu kubwa ya mafunzo hayo inafanyika kwa Google Meet, kwa kuwa wadadisi wenyewe wametawanyika wilayani. Kushea skrini ya simu ni rahisi: unaingia kwenye mkutano kwa simu hiyohiyo, unagusa vidoti vitatu, unachagua kushirikisha skrini, basi. Ugumu unaanza baada ya hapo, na karibu wote unatokana na jambo moja, kwamba wenzako wanaona kioo chako lakini hawaoni kidole chako.

Ukimfundisha mtu ana kwa ana, macho yake yanafuata mkono wako. Kwenye video mkono haupo. Anaona ukurasa mmoja, ghafla unakuja mwingine, na hajui umegusa wapi. Katika KoboCollect tatizo linazidi, maana kutoka swali moja kwenda jingine unatelezesha kidole kutoka kulia kwenda kushoto, na pale skrini huenda hakuna kitufe chochote kinachokueleza hivyo. Mtandao ukiwa dhaifu, mwendo wenyewe wa ukurasa unapotea njiani. Mdadisi anaona swali la tatu, kisha la nne, na akishika simu yake mwenyewe anakwama palepale kwenye la tatu.

Kwa Android dawa ipo ndani ya simu yenyewe. Nenda kwenye mipangilio, fungua About phone, tafuta Build number na uiguse mara 7. Kwenye Samsung iko ndani ya Software information, na kwenye Xiaomi nyingi unagusa namba ya toleo la MIUI au HyperOS. Simu itakuambia umekuwa msanidi, na menyu ya Developer options itajitokeza. Humo washa Show taps. Kuanzia hapo kila unapogusa kinatokea kiduara cheupe chini ya kidole, na watazamaji wanakiona. Ukitelezesha, kiduara kinasafiri na kidole. iPhone haina swichi ya namna hii, kwa hiyo mwenye iPhone itabidi ategemee mdomo zaidi.

Hata kiduara kikiwepo, sema kwanza ndipo uguse. "Sasa nagusa Start new form, kitufe cha juu kabisa." Nyamaza kidogo, gusa, kisha subiri. Picha inachelewa kuwafikia, na ukurasa mpya mara nyingi unafika ukiwa na ukungu kabla maandishi hayajakaa sawa. Ukivuta orodha ndefu juu na chini bila kutulia, kwao ni ukungu mtupu. Njia ya uhakika ya kujua wanaona nini ni kuingiza simu ya pili kwenye mkutano kama mtazamaji, kwa bando la kawaida, siyo waifai ya ofisini. Naiweka pembeni ya daftari. Ukurasa ukifika kule na kusomeka, ndipo naendelea. Simu hiyo izimwe maiki na spika, la sivyo sauti itazunguka na kuwapigia kelele wote.

Tuchukue swali la GPS, ambalo ndilo linalowatesa wengi. Ukilifungua, KoboCollect inaanza kutafuta mahali ulipo na kukuonyesha usahihi kwa mita. Kama aliyetengeneza dodoso hakubadilisha kitu, programu inahifadhi yenyewe usahihi ukifika mita 5. Sasa wewe umekaa ofisini chini ya zege. Namba inaweza kuganda kwenye makumi ya mita, na wadadisi wanatazama skrini isiyosogea. Baadhi wataamini mtandao umekata, watatoka na kuingia upya. Mimi kipindi hicho nahamia dirishani au barazani kabla ya kulifungua swali, na namba inaposhuka naisoma kwa sauti: thelathini, kumi na nane, tisa. Hapo wanajifunza kwamba kusubiri ndiyo kazi yenyewe, na kwamba ndani ya nyumba ya bati wamwombe mwenye nyumba watoke nje kidogo.

Kama una kompyuta, kuna njia ninayoipenda zaidi kwa mafunzo marefu. Unaunganisha simu kwa kebo ya USB, unawasha USB debugging kwenye ileile Developer options, halafu unatumia programu ya bure iitwayo scrcpy, kwa kuandika amri hii kwenye kompyuta:

```
scrcpy --show-touches --stay-awake --max-size=1280
```

Kioo cha simu kinatokea kama dirisha kwenye kompyuta, na kwenye mkutano unashirikisha dirisha hilo peke yake. Simu haibebi tena mzigo wa mkutano, haipati moto, na haizimi kioo katikati ya maelezo. Viduara vinaonekana ukigusa simu yenyewe kwa kidole. Ukibofya kwa mausi ndani ya dirisha havitokei. Kwa hiyo shika simu mkononi, kama watakavyoishika wao.

Waambie pia wanaotazama kwa simu wazishike wima. Kioo cha simu iliyosimama, kikionyeshwa kwenye skrini iliyolala, kinachukua takriban robo tu ya upana, na herufi zinakuwa ndogo mno.

Kuna mambo mawili yanayohusu siri. La kwanza ni meseji. Nimeshuhudia mwenzetu mmoja akifundisha huku ujumbe wa salio la benki ukishuka juu ya kioo mbele ya kundi zima, na mafunzo yakasimama. Washa Do Not Disturb, kisha hakikisha imewekwa izuie arifa zisitokeze kabisa, siyo kuzima mlio tu. Simu zenye Android mpya zinakuuliza kama ushirikishe programu moja au kioo chote. Chagua programu moja, ila angalia kwenye simu ya pili kama viduara bado vinaonekana; vikipotea, rudi kwenye kioo chote. Na ukumbuke kwamba Show taps inaonyesha pia mahali unapogusa ukiandika PIN. Ingia kwenye akaunti zako zote kabla hujaanza kushea.

La pili ni kioo cheusi. Programu nyingi za benki, na nyingine zenye taarifa nyeti, zimezuiwa na watengenezaji wake zisinaswe. Kwako zinaonekana vizuri, kwao ni weusi mtupu, na wewe huna habari. Kipimo chake ni rahisi: jaribu kupiga skrinishoti ukiwa ndani ya ukurasa huo. Simu ikikataa, kushea nako kutatoa weusi, na scrcpy haitakuokoa. Kama programu ni ya ofisi yenu, mwombeni msanidi awape toleo la mafunzo lililoondolewa `FLAG_SECURE`, ile amri inayozuia kioo kisinaswe, lenye taarifa za kubuni. Kama si yenu, elekeza kamera ya simu nyingine kwenye kioo, taa ya dari isiakisi juu yake, na tumia akaunti isiyo na siri ya mtu. Faida moja ya njia hii ni kwamba kidole chako kinaonekana chenyewe.

Mafunzo yakiisha, simamisha kushea kabla hujaagana na watu. Kisha rudi Developer options uzime Show taps na USB debugging, halafu uzime na menyu yenyewe. Baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka menyu hiyo ikiwa wazi, na utaligundua hilo ukiwa dukani unataka kulipa.