Kifua cha kichanga kikigoma kuinuka: hapo ndipo pa kufanyia mazoezi

Wanafunzi wengi wa utabibu wanaijua chati ya kumpumulisha kichanga kwa moyo. Mweke mmoja mbele ya mdoli, washa saa, mwambie tu "katoka, kalegea, halii", uone sekunde 90 zinavyopita pumzi ya kwanza haijaingia. Chati inataka ambu begi ianze kazi kabla dakika 1 haijaisha, na dakika hiyo inaanza kuhesabiwa mwili wote wa mtoto ukishatoka, si pale wewe unapomaliza kuvaa glavu.

Muda mwingi unapotelea kwenye kufyonza. Mkono ukikosa la kufanya unakimbilia pengwini ya kufyonzea ute, hata pale msimamizi alipotamka wazi kwamba maji ya uzazi ni masafi na mdomoni hamna kitu. Kufyonza bila sababu kunachelewesha hewa, na ukigusa nyuma ya koo mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Kama hakuna kilichoziba, pita.

Kitu cha pili ni kitambaa. Mtoto anakaushwa kwa kitenge kimoja, kisha kile kibichi kinaondolewa na anafunikwa kingine kikavu. Wengi wanakausha vizuri, halafu wanamwacha mtoto juu ya kitambaa kilekile chenye maji. Kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, au Makete karibu mwaka mzima, hilo si kosa dogo, maana mtoto aliyepoa anapata shida zaidi kupumua. Kwa hiyo kwenye mazoezi tumieni vitambaa viwili kweli, tena cha kwanza mkiloweshe. Mdoli mkavu hamfundishi mtu kuondoa kitu kibichi.

Akishakaushwa, sugua mgongo mara mbili tatu, angalia. Hapumui? Usirudie kusugua. Kata kitovu, mweke kichwa sawa, shika begi.

Sasa tuje kwenye pale ambapo alama nyingi hupotea. Mwenzako anayesimamia aseme, "Umefinya mara 5, kifua hakijainuka." Hapo wengi hufinya kwa nguvu zaidi, wakati hiyo ndiyo hatua ya mwisho, si ya kwanza. Anza na maski: ivue, iweke upya, ifunike kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho. Ukisikia hewa inachuruzika pembeni, kosa liko hapo. Gumba na kidole cha shahada vikae juu ya maski, vitatu vilivyobaki viushike mfupa wa taya. Vikiingia kwenye nyama laini chini ya kidevu vinasukuma ulimi juu, nawe mwenyewe ndiye umeziba njia.

Halafu kichwa. Kisogo cha kichanga ni kikubwa, akilazwa tu shingo inajikunja. Kitambaa kilichokunjwa, kikawekwa chini ya mabega, kinamweka kama anayenusa kitu. Ukikivuta kichwa nyuma kupita kiasi, njia inajifunga vilevile. Baada ya hapo chungulia mdomoni, toa ute kama upo, fungua mdomo kidogo, ndipo urudishe maski. Ikishindikana bado, finya kwa nguvu zaidi kidogo. Macho yabaki kifuani muda wote, kwa sababu tumbo linaloinuka peke yake linadanganya.

Kifua kikishaitika, shika mwendo wa pumzi 40 kwa dakika. Sema kwa sauti "finya, mbili, tatu", ukifinya kwenye neno la kwanza na kuachia kwenye mengine. Ukikaa kimya mkono unakimbia, na mtoto hapati nafasi ya kutoa hewa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi ya mimba, hewa ya kawaida ya chumbani inatosha kuanzia. Usiache begi kwenda kutafuta oksijeni.

Mapigo yanahesabiwa kwenye shina la kitovu au kwa stetoskopu, sekunde 6 kisha zidisha kwa 10. Chati nyingine zinataka uhesabu baada ya sekunde 30 za pumzi zinazoinua kifua, nyingine baada ya dakika 1. Fuata iliyobandikwa chuoni kwako, usichanganye mbili. Hapa kuna mtego ambao msimamizi anaupenda: anakugongea mezani mara 7. Hiyo ni 70. Ni chini ya 100, kwa hiyo begi inaendelea, ila si chini ya 60, kwa hiyo kifua hakibonyezwi. Baadaye kidogo anagonga 12, yaani 120, na mwanafunzi anaweka begi chini kwa furaha. Mdoli alikuwa ameshaanza kupumua? Hakuna aliyesema hivyo. Moyo umerudi, pumzi bado, endelea kufinya, na muulize msimamizi waziwazi: "Anapumua mwenyewe?"