Tangazo likiwa bado Learning, bei ya leo isikushtue

Ukiweka tangazo la Facebook, safu ya Delivery huandika Learning. Mfumo bado unajaribu watu tofauti, saa tofauti na viwango tofauti vya zabuni kwenye mnada wa nafasi za matangazo. Kwa kawaida hutoka hapo ukipata matokeo kama 50 ndani ya siku 7 kwa seti moja ya matangazo.

Mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anauza taa za sola. Tuliweka dola 10 kwa siku, lengo likiwa watu wamwandikie WhatsApp. Siku ya kwanza waliandika 4, yaani dola 2.50 kwa mtu. Akanipigia: "Papa, funga, pesa inaisha." Kesho yake wakaja 13, senti 77 kila mmoja. Sasa akataka tuweke dola 20! Siku ya tatu wakawa 6.

Nikamwambia: mama, tujumlishe kwanza. Watu 23 kwa dola 30 ni dola 1.30 hivi. Wastani ni karibu watu 8 kwa siku, na kwa wastani huo siku ya watu 3 au ya watu 13 ni ya kawaida kabisa, hata tangazo lisipobadilika chochote. Na mfumo unaojaribu huongeza kuyumba huko. Kupandisha bajeti ghafla mara mbili kungeweza kuanzisha Learning upya, na hivyo hivyo kubadilisha picha au walengwa.

Wiki ilipoisha walikuwa 56 kwa dola 70, yaani dola 1.25. Hata hapo usiishike bei hiyo kama bei ya dukani: kwa watu 56, bei halisi inaweza kuwa popote kati ya dola 1 na 1.70. Ndiyo maana anayeniambia picha yake ya dola 1.20 imeishinda ya dola 1.30 simsikilizi.

Kusubiri si kulala, lakini. Siku ya kwanza hakikisha namba ya WhatsApp inafunguka, tangazo halijakataliwa, na pesa inatumika kweli. Mimi pia nina kikomo: kama bei ninayoivumilia ni dola 1.50 na dola 6 zimekwisha bila mtu hata mmoja, nasimamisha. Kama bei hiyo ingekuwa ya kweli, sifuri ya namna hiyo ingetokea kama mara 2 tu katika 100.

Ukiona Learning limited, kungoja zaidi hakusaidii, maana matokeo ni machache mno. Mara nyingi mtu amegawa dola 10 zake kwa seti tatu, Kenya, Katuba na Kamalondo, kila moja ikipata watu 15 kwa wiki. Ziunganishe ziwe moja, utafika karibu 45. Au kama lengo ni mauzo na unauza taa 5 kwa wiki, lenga mazungumzo, kisha hesabu mwenyewe daftarini ni wangapi walionunua.