Pesa za hisa huenda kwa nani?

Swali: Binti yangu wa miaka 15 ameniuliza, "Mtu akinunua hisa za Safaricom leo, pesa zinaingia Safaricom?" Nimueleze vipi? Nilitaka kutumia mfano wa kantini ya shule yao.

Jibu: Kwa kawaida haziingii huko. Kantini inafaa kabisa kumwonyesha sababu.

Mwambie mwenye kantini anataka friji ya shilingi 20,000 na hana pesa. Anagawa umiliki wa biashara yake katika hisa 1,000, anauza 400 kwa shilingi 50 kila moja na kubaki na 600. Hapo ndipo pesa zinapoingia kwenye biashara, na friji inanunuliwa. Binti yako ana hisa 20 alizonunua kwa shilingi 1,000, kwa hiyo asilimia 2 ya kantini ni yake.

Muhula unaisha na faida ya shilingi 12,000. Nusu inabaki kununua unga na mafuta, nusu inagawanywa: shilingi 6 kwa kila hisa. Anapata gawio la shilingi 120. Kama faida haikupatikana, huenda asipate chochote, wala hawezi kudai, kwa sababu hakukopesha mtu.

Sasa anataka pesa zake. Akienda dirishani atarudi mikono mitupu, maana zile 1,000 zilishakuwa friji. Itabidi atafute mwanafunzi wa kumuuzia. Anataka 60, mmoja anampa 50, mwingine 55. Anauza kwa 55 na kupokea shilingi 1,100 kutoka mfukoni mwa mwenzake. Kantini inabadilisha jina tu kwenye daftari la wenyehisa. Soko la Hisa la Nairobi hufanya kazi hiyo ya kukutanisha wauzaji na wanunuzi, kupitia madalali wenye leseni.

Hapa vijana wengi huteleza, na watu wazima pia. Kesho shule ikitangaza kwamba itapunguza muda wa mapumziko, wanunuzi watahofia gawio kushuka na huenda wasitoe zaidi ya 35. Bei imeanguka, lakini hakuna hata shilingi iliyotoka kwenye droo ya kantini. Kilichobadilika ni matarajio ya watu kuhusu faida ijayo.

Kuhusu Safaricom yenyewe, hata uuzaji wa kwanza wa mwaka 2008 haukuipa kampuni pesa. Serikali iliuza asilimia 25 ya kampuni, kutoka hisa zake yenyewe, kwa shilingi 5 kila moja, na pesa zikaenda Hazina Kuu. Ni sawa na mwenye kantini kuuza sehemu ya zile 600 zake na kutia pesa mfukoni badala ya kununua friji. Kwa hiyo kampuni inapotangaza kuuza hisa kwa umma, mfundishe kuuliza kwanza: zinazouzwa ni hisa mpya, au ni za mwenyehisa anayepunguza sehemu yake?